Dakika 9 Zilizomnyima Mzee wa Kigombe Swali Lake

Kikundi chetu cha wasomaji hapa Tanga hukutana mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, katika ukumbi mdogo tunaoazimwa, na kila mara humwalika mtu mmoja atuzungumzie jambo analolijua vizuri. Tunaanza saa kumi na nusu, watu wakishasali Alasiri, na ni lazima tumalize saa kumi na mbili kamili, kwa sababu adhana ya Magharibi haimsubiri mtoa mada, na wanaorudi vijijini kwa njia ya Pangani hawapendi giza liwakute kituoni. Tuna dakika 90 tu. Mimi ni katibu wa kikundi, na kazi ya kumtambulisha mgeni iliniangukia kwa kuwa nasomesha Kiswahili, na watu huamini kwamba mwalimu wa Kiswahili hakosi la kusema. Ni kweli sikosi, na hilo ndilo lililoniponza.

Mgeni ninayetaka kumsimulia alikuwa mtafiti wa samaki, aliyekuja kuzungumza kuhusu silikanti, yule samaki wa kilindini ambaye hifadhi ya bahari ya mkoa wetu imepewa jina lake. Siku tatu kabla alinitumia wasifu wake wa kurasa mbili. Nikaketi nao usiku mmoja, nikaugeuza kuwa hotuba: alizaliwa wapi, akasoma shule ipi, akapata shahada gani na katika mwaka gani, akaandika makala ngapi, akahudhuria mikutano ya nchi gani. Nilipoona karatasi bado ina nafasi, nikaongeza historia ya samaki mwenyewe, kwamba wataalamu walimjua kwa visukuku tu na kudhani kuwa alikwisha toweka miaka milioni 65 au zaidi iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja akiwa hai katika bahari ya Afrika Kusini. Nikamalizia kwa kumwita mgeni wetu mtu aliyemgundua silikanti wa Tanga. Nilipoisoma nyumbani kwa macho, niliona inatiririka vizuri, na sikuona sababu ya kuipima kwa saa.

Siku yenyewe tulichelewa robo saa kuanza, kama ilivyo ada. Mwenyekiti akasalimu, akawataja waliopaswa kutajwa, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetajwa akainuka kupunga mkono. Nilipopewa nafasi ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Nilisoma kwa madaha, nikipumzika kwenye kila cheo, na katika sentensi yangu ya pili nililitaja jina la mgeni, watu wakapiga makofi, naye akainuka nusu, akaona bado naendelea, akarudi kukaa. Nilipofika kwenye ule mwaka wa 1938 nilimwona anafungua daftari lake na kukata mstari kwa kalamu. Wakati huo nilidhani anaandika jambo la kunishukuru.

Niliposema kwamba yeye ndiye aliyemgundua silikanti wa Tanga, safu ya nyuma ulisikika mguno. Pale walikuwa wamekaa wavuvi wanne kutoka Kigombe, mmoja wao mzee mwenye kofia ya kiua, na kwa wavuvi hao hakuna mtafiti aliyegundua chochote. Silikanti wa huku walianza kuonekana mwaka 2004, wakiwa wamenaswa katika majarife, zile nyavu kubwa za papa zinazotegwa kwenye maji marefu, na waliowatoa nyavuni walikuwa wavuvi wenyewe. Mgeni alipopewa nafasi alianza kwa kuomba radhi kwa ajili yangu. Alisema: “Ndugu zangu, sikumgundua mimi; mmemleta ninyi, mimi nilikuja baadaye kuuliza.” Alitumia kama dakika tatu kuyarudisha maneno yangu yalikotoka, na alipoifikia hadithi aliyokusudia kuanzia, ambayo mimi nilikwisha isimulia, na vibaya, akairuka, akaingia katikati ya mada kama mtu anayepanda daladala inayotembea.

Alimaliza dakika tano kabla ya saa kumi na mbili. Yalipatikana maswali mawili tu, yote kutoka safu ya mbele. Mzee mwenye kofia alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo, akaushusha, akauinua tena, na mwenyekiti aliposema muda umetutupa mkono, aliushusha mara ya mwisho na kuanza kutafuta viatu vyake. Sikujua alitaka kuuliza nini, na sijui hadi leo.

Nilimsindikiza mgeni hadi mlangoni, naye kwa upole akaniambia maneno ambayo nimeyakumbuka kuliko mada yenyewe. “Mwalimu, umenisifu sana, lakini umewaeleza mambo yangu yote isipokuwa lile moja waliloniogopea.” Nilimwuliza ni lipi. Akanieleza kwamba kila anapoingia mbele ya wavuvi wa pwani hii, swali lao la kwanza, ambalo huwa hawalitamki, ni iwapo ametumwa kuja kuwazuia kuvua. Hifadhi ilitangazwa mwaka 2009, na tangu hapo mtu yeyote mwenye daftari anayeuliza habari za jarife hutazamwa kwa jicho hilo. Yeye hawezi kusimama akaanza kwa kusema kwamba hakutumwa, kwa sababu anayejitetea kabla ya kushtakiwa huongeza shaka. Ilikuwa kazi ya mtu mwingine kulisema, mtu ambaye ukumbi unamfahamu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Usiku ule nilitoa daftari la mikutano na kufanya hesabu. Nilikuwa nimezungumza kwa dakika 9. Katika mikutano yetu swali moja pamoja na jibu lake huchukua kama dakika nne. Kwa hiyo utambulisho wangu ulikula maswali mawili, na ukichanganya na zile dakika tatu za kunisahihisha, matatu. Sikuwa peke yangu mwenye lawama, kwa maana robo saa ilikwisha potea kabla sijasimama na salamu za mwenyekiti zilikula yao, lakini hizo 9 zilikuwa zangu na ningeweza kuzirudisha.

Miezi minane baadaye mgeni yule yule alikubali kurudi, na safari hii nilianza kwa simu badala ya wasifu. Nilimwuliza mambo matatu tu. La kwanza, jina lake litamkwe vipi, na aitwe kwa cheo gani, kwa kuwa mara ya kwanza nilimpa uprofesa ambao hakuwa nao. Akasema Dokta inatosha. La pili, ataanza na nini. Akacheka, akasema ataanza na mwaka 1938, kama nitamwachia. La tatu, kuna jambo gani angependa watu walijue kabla hajafungua mdomo, lakini ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisema bila kuonekana anajigamba au anajitetea. Hapo alirudia habari ya kutotumwa, na akaongeza jambo ambalo halikuwamo katika kurasa zake mbili, kwamba sehemu kubwa ya miaka yake 11 ya utafiti ameitumia ndani ya mashua za wavuvi wa mkoa huu, akilala vijijini kwao. Wasifu wake ulitaja vyuo vitatu lakini haukutaja mashua hata moja.

Swali la tatu ndilo ninaloliona kuwa na faida kuliko yote. Wasifu huandikwa kwa ajili ya mwajiri au mfadhili, na humjibu mtu anayetaka kujua kama huyu anafaa kupewa kazi. Ukumbi una swali jingine: kwa nini tumsikilize huyu, juu ya jambo hili, sisi tuliokaa hapa leo? Ukiusoma wasifu mbele ya ukumbi unajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na unamwacha mgeni akabiliane mwenyewe na lile waliloliweka moyoni.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya 200. Nilisimama jikoni, nikaisoma kwa sauti ile ile ninayotumia ukumbini, simu ikihesabu sekunde. Mimi, nikisoma mbele ya watu bila kukimbia, huenda maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na msomaji anayeharakisha humeza silabi za mwisho. Kwa hiyo rasimu ile ingekula dakika mbili na zaidi, na hapo sijahesabu watu kuitikia salamu wala makofi. Nilitaka dakika moja na nusu. Nilikata shahada zote isipokuwa ile inayobebwa na neno Dokta. Nilikata sentensi iliyosema samaki huyu huzaa watoto hai badala ya kutaga, ingawa niliipenda, kwa sababu ni jambo ambalo ukumbi ungepiga kelele za mshangao kwa kulisikia, na mshangao huo ni mali ya mtoa mada. Nilikata “bila kupoteza muda,” maneno ambayo kila anayeyasema huwa anaupoteza. Nikazungumza pia na mwenyekiti, tukakubaliana kwamba wageni watajwe mara moja tu, naye ndiye awataje, nami nitapita kwa yale maneno mawili ambayo Mungu aliwajalia Watanzania ili mikutano iweze kuisha.

Kilichobaki nilikiandika kwa herufi kubwa kwenye nusu karatasi, na hiki hapa, pasipo jina:

“Assalaam alaykum, na habari za jioni. Itifaki imezingatiwa. Mwaka 2009 sehemu ya bahari ya mkoa wetu ilitangazwa kuwa hifadhi, ikapewa jina la samaki mmoja. Wengi wetu tumelisikia jina hilo. Wachache, na baadhi yao wamo humu, wamemtoa samaki huyo kwenye jarife kwa mikono yao. Limebaki baina yetu swali: kwa nini anapatikana kwetu, na kwa nini katika nyavu zile? Mgeni wetu amelifuatilia kwa miaka 11, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ameikalia ndani ya mashua za wavuvi wa pwani hii. Ni mtafiti. Si mtumishi wa hifadhi, na hakuja na amri yoyote. Atazungumza kwa dakika 45, kisha muda wote utakaobaki ni wa maswali yenu. Tumkaribishe Dokta ...”

Mambo machache katika maneno hayo yalinichukua muda kuliko yanavyoonekana. Jina limekaa mwisho kabisa kwa sababu ukumbi hupiga makofi unaposikia jina, na ukilitaja mwanzoni unapata makofi mara mbili na mgeni anayeinuka na kukaa kama yule niliyemtesa mara ya kwanza. Dakika 45 zimetajwa mbele ya watu kwa makusudi, nikiwa nimekwisha kukubaliana na mgeni kwa simu, kwa maana muda uliotangazwa hadharani humbana mtoa mada kwa adabu zaidi kuliko karatasi ya “dakika tano” anayopenyezewa akiwa katikati ya sentensi. Na swali la “kwa nini katika nyavu zile” nililiacha wazi bila kulijibu hata kwa nusu. Ninapolitazama sasa naona kwamba hapo ndipo utambulisho unapoteleza kwa urahisi zaidi: ukishauliza swali zuri, ulimi unawasha kulijibu, na ukilijibu umemchukulia mgeni mada yake.

Sentensi iliyonipa wasiwasi ilikuwa “hakuja na amri yoyote.” Nilimsomea mgeni kwa simu kabla ya siku ile, kwa kuwa nilikuwa nazungumza kwa niaba yake juu ya jambo zito, na kama baadaye angesema kwamba jarife halifai kutegwa mahali fulani, wavuvi wangesema nimewadanganya. Tulikuwa na neno jingine, “hakuja kuwazuia kuvua,” akalikataa. Alisema: “Sijui nitakayoulizwa, na siwezi kuahidi nitakachojibu. Lakini amri kweli sina.” Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, ila ilikuwa ukweli ambao angeweza kuusimamia hadi mwisho wa mkutano.

Siku ilipofika nilimaliza kwa dakika moja na sekunde ishirini na kitu, salamu na uitikio ndani yake. Nilipotaja waliomtoa samaki kwa mikono yao, kijana mmoja wa Kigombe alimgusa mwenzake begani. Mgeni alisimama makofi yakiwa bado yanaendelea, akaanza moja kwa moja na mwaka 1938, na safari hii hadithi ilikuwa yake. Maswali yalidumu zaidi ya nusu saa, na mengi yalitoka nyuma. Yule mzee mwenye kofia hakuja. Kijana aliyekaa mahali pake alisema mzee ameacha bahari, yuko kwa mwanawe Muheza.

Ningependa kuishia hapo, lakini mwezi uliofuata nilikosea kwa upande wa pili. Mgeni alikuwa mwanahistoria mwenye umri usiofika miaka 30, aliyefanya utafiti juu ya kambi za wafanyakazi wa mkonge. Mada yenyewe haikuhitaji kusukumwa. Miche ya kwanza ya mkonge iliingia nchini mwaka 1893, ikiletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yaliyofuata yalijaza Tanga manamba kutoka kila pembe ya nchi na hata nje yake, kiasi kwamba nusu ya waliokaa ukumbini walikuwa wajukuu wao. Nilisema hivyo kwa sentensi mbili, nikafurahia ufupi wangu. Kuhusu yeye mwenyewe nikaandika maneno tisa: “Mgeni wetu ni mwanahistoria kijana wa mkoa huu huu.” Kisha jina la ukoo tu, pamoja na karibu.

Kiswahili chetu hakisemi kama “mgeni” ni mwanamume au mwanamke, na jina la ukoo halikusaidia. Watu wote waligeuka kumtazama mwanamume aliyevaa koti, aliyekaa kiti cha pembeni ya mgeni, ambaye alikuwa dereva. Binti alipoinuka, ulipita ukimya mfupi kabla ya makofi. Alikuwa hajamaliza dakika kumi pale mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyewahi kuwa nyapara, alipomkatiza.

“Binti, haya umeyasoma wapi?”

“Mengine kwenye nyaraka, babu,” akajibu, “na mengine kwa watu wa rika lako. Nimekaa nao zaidi ya sitini, nikarekodi sauti zao. Wawili wamekaa nyuma yako.”

Ukumbi ulicheka, mzee naye akacheka, akageuka kuwaangalia hao wawili, wakasalimiana, na yakaanza mazungumzo ya nani alikuwa kambi gani, ambayo mwenyekiti aliyakata baada ya dakika sita. Niliangalia saa yangu na kuona kwamba sekunde kumi nilizookoa zimemgharimu binti yule dakika sita na heshima aliyolazimika kujitafutia mwenyewe. Neno “kijana” nililiweka kwa mapenzi, lakini mbele ya wazee wa mkonge lilimpunguza. Mtafiti wa samaki angeweza kuishi bila shahada zake kwa sababu mvi zake zilikwisha sema kabla yangu. Binti huyu alihitaji sentensi moja ya kumsimamisha, nayo nilikuwa nayo kwenye daftari la simu, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe: “Amekaa na wazee zaidi ya sitini waliofanya kazi mashambani, akarekodi sauti zao kwa maneno yao wenyewe.” Niliikata ili nisizidi dakika moja.

Tangu hapo naongeza swali la nne kwenye simu, nalo huliuliza mwisho, tukishazoeana: ni swali gani amewahi kuulizwa mbele ya watu ambalo hakupenda kuulizwa? Wengine hucheka na kusema hakuna. Wengine hunyamaza kidogo kwanza, na jibu lao ndilo huniandikia sentensi ninayoiweka kabla ya jina.